Kupendekeza rangi mpya ya sare kwa wanakwaya: picha ya pamoja kwanza, kisha barua

Kiongozi wa kwaya akisimama baada ya mazoezi na kusema "nafikiri tubadili sare, tuvae damu ya mzee", kila anayemsikia anaona rangi yake kichwani. Mmoja anaona rangi ya divai, mwingine kahawia, na wa tatu anakumbuka sare za shule aliyosoma. Mjadala unawaka wakati watu hawazungumzii kitu kimoja. Ndiyo maana nashauri pendekezo la rangi liende na picha ya pamoja ya kwaya yenyewe, mashati yakiwa yamebadilishwa rangi kwenye kompyuta, pamoja na barua inayoeleza picha hiyo inaonyesha nini na haionyeshi nini.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kwaya ya usharika wa Kilutheri nchini Tanzania yenye wanakwaya 32. Sare yao ya sasa ni shati au blauzi ya bluu ya mbingu, na chini suruali au sketi nyeusi. Viongozi wanapendekeza juu iwe damu ya mzee na chini pabaki peusi. Bei nilizoweka ni za mfano tu. Zako utazipata kwa muuza vitambaa na kwa fundi wako.

Anza dukani

Kabla ya kugusa picha yoyote, nenda kwenye maduka ya vitambaa ukatafute kitambaa ambacho kweli kinapatikana. Watu wengi huchagua rangi kwenye simu kwanza, wakaipenda, kisha wakaenda dukani na kukuta hakuna kitambaa cha rangi hiyo. Muulize muuzaji mambo mawili: ana jora ngapi za rangi hiyo, na ataweza kupata nyingine za aina ileile baadaye. Vitambaa vya rangi moja vilivyotoka majora tofauti mara nyingi hupishana kidogo, na tofauti hiyo isiyoonekana dukani huonekana wazi watu wakisimama bega kwa bega mbele ya kanisa. Kwa hiyo unahitaji duka lenye kitambaa cha kutosha kwaya nzima kutoka jora moja, au majora ambayo muuzaji amekuruhusu kuyafungua na kuyalinganisha nje, penye mwanga wa mchana.

Nunua nusu mita. Kata vipande viwili. Kimoja kihifadhi kama kilivyo. Cha pili kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni pamoja na kitambaa cheupe, ukianike juani, na urudie kufua mara kadhaa. Kitambaa cheupe kikigeuka waridi, kitambaa hicho kinachuja, na shati lenye kola au mshono mweupe litaharibika katika fuo la kwanza. Kisha weka kipande kilichofuliwa kando ya kile kisichofuliwa. Damu ya mzee, bluu iliyokolea na nyeusi huonyesha upaukaji mapema kuliko rangi hafifu, kwa hiyo tofauti ikionekana tayari, tafuta kitambaa kingine cha rangi hiyohiyo. Hapa tatizo ni kitambaa, si rangi.

Kuna jambo jingine la kutazama kanisani kwenyewe, nalo ni kitu kitakachokuwa nyuma na mbele ya kwaya. Ukuta uliopakwa rangi ya maziwa huibeba damu ya mzee vizuri, lakini mbao za kahawia iliyoiva huimeza, na watu wa nyuma wanabaki vichwa tu. Kumbuka pia vitambaa vya madhabahu. Majira ya Majilio na Kwaresima huwa ni zambarau, na rangi hizo mbili zikikaribiana sana zinagombana. Peleka kipande chako, kiweke kando ya kitambaa cha zambarau, usimame mlangoni utazame. Katika mfano wetu damu ya mzee ilielekea kwenye wekundu wa udongo zaidi kuliko kwenye zambarau, ikapita.

Piga picha mpya, kipande cha kitambaa kikiwa ndani yake

Kama ningeruhusiwa kushika hatua moja tu katika mwongozo huu, ningeshika hii. Usitumie picha ya sherehe ya mwaka juzi. Ndani yake kuna waliohama, pengine yumo aliyefariki, na kumvisha marehemu sare mpya kutaumiza watu kabla hawajafika kwenye suala la rangi. Waombe wanakwaya wavae sare ya sasa Jumapili moja, uwaambie mapema kwamba picha itatumika kuonyesha pendekezo la rangi na itabaki ndani ya kwaya. Asiyetaka kupigwa asilazimishwe. Ataiona rangi kwa wenzake.

Picha ipigwe mahali kwaya inapoimbia, saa za ibada, kwa sababu huo ndio mwanga ambao sare itaonekana nao. Dirisha lisiwe nyuma ya kwaya, maana kamera itajirekebisha kwa mwanga wa dirisha na nyuso zitakuwa giza. Kukiwa na taa nyeupe upande mmoja na jua la dirishani upande mwingine, zima taa ikiwezekana. Mwanga wa aina mbili hufanya shati moja lionekane la bluu na la jirani lielekee kijani, na hapo rangi yoyote utakayoiweka juu yake itayumba.

Sasa, mtu mmoja wa mstari wa mbele ashike kile kipande ambacho hakijafuliwa, kikiwa kimenyooshwa mbele ya kifua, kikipata mwanga uleule unaopiga mashati. Kamera ya simu hubadilisha rangi kila inapopiga, mara inaongeza umanjano, mara inaukata. Kipande kikiwa ndani ya picha hiyohiyo, badiliko lililowapata watu limekipata na chenyewe. Kwa hiyo hutakisia damu ya mzee iweje. Utaichukua kutoka kwenye kitambaa halisi kama kamera ilivyokiona siku hiyo, mahali hapo.

Piga kadhaa, kisha uchague moja ambayo mikono haijafunika mashati sana. Madaftari ya nyimbo yawekwe chini. Zima kwenye simu kila kitu kinachojipamba chenyewe, hasa kile kinacholainisha na kung'arisha nyuso. Rangi ya nguo huamuliwa kwa jinsi inavyokaa na ngozi ya mvaaji, na simu ikizifanya ngozi kuwa nyeupe kuliko zilivyo, watu watapigia kura nguo waliyovikwa watu wengine. Tena ni kuwakosea heshima.

Picha ihamishwe kwenye kompyuta kwa waya, au itumwe kama faili. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na kingo za mashati huwa na ukungu unaofanya kazi inayofuata iwe ngumu bila sababu.

Badilisha rangi ya mashati

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Majina ya vitufe nitayaandika yanavyosomeka kwenye skrini.

Fungua picha kwa `File > Open`, kisha tengeneza nakala yake kwa `Layer > Duplicate Layer`. Utafanya kazi kwenye nakala, na ile ya chini ibaki salama.

Chukua `Free Select Tool` na uzungushe mstari kwenye ukingo wa shati la kwanza. Ukishafika ulikoanzia, bonyeza Enter. Kwa shati la pili shikilia Shift kabla ya kuanza, ili uchaguzi wa kwanza usifutike. Endelea hivyo hadi mtu wa mwisho. Mkono uliopita mbele ya shati utautoa kwa kushikilia Ctrl na kuuzungushia mstari. Hapa ndipo muda unapokwenda. Kwa watu 32 kazi hii inahitaji utulivu, na ukiifanya kwa haraka kola zitaingia shingoni. Usikichague kipande cha kitambaa kilichoshikwa mkononi. Kiache kama kilivyo, utakihitaji kupimia.

Ukimaliza, bonyeza Shift+Q. Sehemu zote ambazo hazikuchaguliwa zitafunikwa na wekundu, na mashati tu yatabaki na rangi yake. Sasa kuza picha hadi ukubwa wake kamili na upite mtu mmoja mmoja, ukitazama kola, viganja, tai, nywele zilizosukwa zinazoangukia mabegani, na ncha za mitandio. Kwa brashi nyeupe unaongeza palipoachwa, kwa nyeusi unaondoa palipozidi. Bonyeza Shift+Q tena kurudi. Lainisha ukingo kwa `Select > Feather`, nukta 2 zinatosha, kisha hifadhi uchaguzi wako kwa `Select > Save to Channel` ili usije ukaupoteza kwa mbofyo mmoja. Baada ya kuuhifadhi, rudi kwenye orodha ya matabaka na ubofye nakala ya picha, maana bila hivyo hatua zinazofuata zitaangukia mahali pengine.

Wengi hapa hukimbilia kitelezi cha kubadilisha rangi na kuhamisha bluu kuwa nyekundu. Inabadilika, lakini inatoka waridi iliyofifia, kwa kuwa bluu ya mbingu ni rangi hafifu na damu ya mzee ni rangi iliyokolea. Njia inayofaa ni kuondoa rangi ya zamani kabisa, kubakiza mikunjo na vivuli vya kitambaa, kisha kuweka rangi mpya juu yake.

Uchaguzi ukiwa bado unafanya kazi, nenda `Colors > Desaturate > Desaturate`. Mashati yatakuwa ya kijivu. Kisha `Colors > Levels`, na kwenye `Input Levels` uvute pembetatu nyeupe kushoto polepole hadi sehemu za shati zinazopigwa na mwanga zikaribie weupe. Simama kabla mikunjo haijapotea.

Sasa chukua `Color Picker Tool`, weka alama kwenye `Sample average` ili isome eneo badala ya nukta moja, na ubofye katikati ya kipande cha kitambaa, mahali penye mwanga na pasipo na mkunjo. Tengeneza tabaka jipya kwa `Layer > New Layer`, likiwa tupu, na ulijaze kwa `Edit > Fill with FG Color`. Rangi itaingia kwenye mashati peke yake, ikiwa bapa kama karatasi. Mwisho, kwenye orodha ya matabaka badilisha `Mode` ya tabaka hilo kutoka `Normal` kuwa `Multiply`. Mikunjo, vifungo na vivuli vitarudi, na kwaya itakuwa imevaa damu ya mzee.

Kipimo kiko ndani ya picha. Tazama shati la aliyeshika kipande, pale linapopata mwanga sawa na kipande chenyewe. Vikifanana, umefaulu. Shati likiwa jeusi zaidi, kijivu chako kilikuwa kizito, kwa hiyo rudi kwenye tabaka la nakala na uvute pembetatu nyeupe zaidi kidogo. Likiwa bapa lisilo na mikunjo, ulivuta kupita kiasi.

Njia hii ina mipaka yake. Inakwenda kutoka rangi hafifu kwenda iliyokolea. Kama sare yenu ya sasa ni nyeusi na mnataka rangi ya maziwa, `Multiply` haitasaidia, kwa sababu haiwezi kung'arisha chochote, na ukilazimisha kwa njia nyingine picha itajaa chengachenga. Kwa hali hiyo mshonee mwanamke mmoja na mwanamume mmoja nguo halisi, uwapige picha katikati ya wenzao. Vilevile picha haitaonyesha mng'ao wa satini wala jinsi krepe inavyoanguka mwilini. Inaonyesha rangi, basi.

Andika chini ya picha, kwa `Text Tool`, maneno PENDEKEZO, BADO KUAMULIWA. Picha husambaa, na isiyo na maneno hayo itamfikia mchungaji au kwaya jirani kama habari iliyokwisha. Itoe kwa `File > Export As`.

Jinsi ya kuionyesha

Tuma picha mbili, ya sasa na ya pendekezo, zikiwa za ukubwa mmoja na watu wakiwa mahali palepale. Mtu akizipitisha moja baada ya nyingine kwenye simu, macho yanaona rangi tu ikibadilika. Ni wazi zaidi kuliko kuzibandika ubavuni, ambako kila sura inakuwa ndogo mno. Zitume kama hati, si kama picha ya kawaida, na uwaombe watu wazime kinga ya macho ya usiku kwenye simu zao, kwa kuwa huongeza umanjano na damu ya mzee huonekana kahawia.

Kwa wasio na simu za aina hiyo, na kila kwaya inao, chapisha nakala moja kubwa. Mashine nyingi za mtaani hutoa damu ya mzee ikiwa imeungua, kwa hiyo bana kipande halisi cha kitambaa kwenye kona ya karatasi na uandike kando yake kwamba rangi ya kweli ndiyo hiyo. Kipande kile kilichofuliwa nacho kiwepo mazoezini, watu wakishike.

Barua

Barua isiandikwe kabla kamati ya kwaya haijaiona picha na mchungaji hajajulishwa. Kisha iombe uamuzi mmoja tu. Ukichanganya rangi, mshono, viatu na michango ya ziara katika barua moja, atakayekataa viatu atahesabiwa amekataa rangi. Na upendekeze rangi moja dhidi ya kubaki na ya sasa. Ukileta rangi tano, kura zitagawanyika na itakayoongoza itakuwa imekataliwa na wengi.

Gharama iwekwe kwa mtu mmoja, si kwa kwaya tu. Mama anayesoma barua hii jioni anataka kujua yeye atatoa kiasi gani na lini. Katika mfano wetu kila shati au blauzi inachukua mita 2, hivyo watu 32 wanahitaji mita 64, na tumeongeza mita 6 kwa ajili ya wenye miili mikubwa na wanakwaya watakaojiunga baadaye. Jumla ni mita 70. Kwa shilingi 8,000 kwa mita kitambaa chote ni 560,000. Kila mmoja analipia mita zake mbili, 16,000, na ushonaji 14,000, jumla 30,000. Mita 6 za akiba, yaani 48,000, zinatoka mfuko wa kwaya. Kama hujui fundi atatoza kiasi gani, kamuulize kabla ya kuandika. Bei inayopanda baada ya kura huwafanya watu waone wamedanganywa.

Hii ndiyo barua yenyewe:

> KWAYA YA USHARIKA
> Tarehe 3 Agosti
>
> Kwa wanakwaya wote.
>
> YAH: PENDEKEZO LA RANGI MPYA YA SARE
>
> Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.
>
> Viongozi wenu tunapendekeza shati na blauzi zetu zibadilike kutoka bluu ya mbingu kuwa damu ya mzee. Suruali na sketi nyeusi tulizo nazo zitabaki. Mshono nao utabaki uleule.
>
> Sababu ni mbili. Bluu tuliyo nayo haipatikani tena dukani ilikonunuliwa, na wenzetu waliojiunga baadaye wamevaa bluu inayoonekana tofauti na ya wengine. Pili, bluu hafifu inaonyesha jasho, na ibada zetu nyingi ni za kusimama muda mrefu.
>
> Pamoja na barua hii kuna picha mbili. Ya kwanza ni yetu kama tulivyopigwa Jumapili. Ya pili ni ileile, mashati yakiwa yamebadilishwa rangi kwa kompyuta. Hakuna kingine kilichobadilishwa, wala sura ya mtu yeyote. Rangi imechukuliwa kutoka kwenye kitambaa halisi mnachokiona kimeshikwa mstari wa mbele. Simu zinatofautiana, hivyo tafadhali usiamue kabla ya kukiona na kukishika kitambaa chenyewe. Kipo kwa katibu na kitakuwepo kila siku ya mazoezi.
>
> Gharama kwa kila mmoja ni shilingi 30,000, yaani kitambaa 16,000 na ushonaji 14,000. Tukikubaliana, italipwa kwa mafungu matatu ya shilingi 10,000, mwisho wa Agosti, Septemba na Oktoba. Ambaye kiasi hicho ni kigumu kwake azungumze na mhazini peke yao. Hakuna atakayeachwa nje ya mstari kwa sababu ya sare.
>
> Tunaomba kila mmoja ampe kiongozi wa sauti yake jibu moja kati ya haya, kwa karatasi, kabla ya tarehe 24 Agosti: NAKUBALI, NAPENDA TUBAKI NA RANGI YA SASA, au SIKUBALI RANGI HII, na sababu yake. Tutabadili sare ikiwa theluthi mbili ya wanakwaya, yaani watu 22, watakubali. Wasipofika, tutaendelea na sare tuliyo nayo na fedha yoyote haitachangwa.
>
> Picha ya pendekezo ni ya kwetu wenyewe. Tunaomba isitumwe nje ya kwaya hadi tutakapoamua.
>
> Wenu katika huduma,
> Mwenyekiti wa kwaya
>
> Nakala: Mchungaji wa usharika

Nieleze sehemu tatu za barua hiyo ambazo watu huziacha. Sababu zimetajwa kwa vitu vinavyoonekana, yaani bluu mbili zisizofanana na jasho. "Tupendeze zaidi" si sababu, na huwaambia waliochangia sare ya zamani kwamba hawakupendeza. Ya pili ni jibu kwa karatasi kupitia kiongozi wa sauti. Ukiacha watu wajibu kwenye kundi la simu, watatu wa kwanza wataandika "safi sana", na asiyekubaliana atanyamaza, kisha atachelewa kulipa. Kuchelewa huko ndiko kutakuwa kura yake. Ya tatu ni idadi ya kupitisha, iliyotajwa kabla kura haijapigwa. Theluthi mbili ya 32 ni 21 na kitu, hivyo ni 22. Ikiandikwa baadaye, kila upande utaona imepangwa dhidi yake.

Majibu yakirudi

Soma sababu za waliokataa kabla ya kuhesabu. Wakisema rangi imekolea mno, au inafanana na ya kwaya nyingine ya usharika, hilo ni jambo la rangi na linaweza kurekebishwa kwa kipande kingine na picha nyingine. Wakilalamika jinsi wanavyoonekana, mwili au uso, picha ndiyo iliyokosea. Huenda ni kingo za mashati zilizopanua watu, au shingo zilizopakwa rangi. Rekebisha picha na uitume upya kabla ya kuhesabu chochote. Na kama wengi wanataja fedha, kura inahusu mafungu ya malipo, hata kama walichoandika ni "sikubali rangi". Kaa na mhazini.

Kura za NAKUBALI zikifika 22, mwombe muuzaji akuwekee kitambaa chote, ulipe malipo ya awali kutoka mfuko wa kwaya na uchukue risiti, maana jora halitakusubiri hadi Oktoba. Kabla fundi hajakata mita 64, ashone blauzi moja na shati moja. Wavae watu wawili, wasimame mahali palepale pa picha, saa zilezile, na uwapige. Linganisha na picha ya pendekezo. Zikitofautiana kidogo, onyesha mazoezini na uendelee. Zikitofautiana sana, huenda duka limekupa jora jingine, na kitambaa ambacho hakijakatwa bado kinaweza kurudishwa.

Mpe fundi kazi yote mwanzoni mwa Novemba. Desemba mafundi wamezidiwa na nguo za Krismasi na hushona usiku, ndipo mikono mirefu na mifupi inapotokea katika kwaya moja.

Mita 6 za akiba zisikatwe kwa matumizi mengine. Zifungwe kwa mfuko mweusi zisipauke, pamoja na kipande cha awali, jina la duka na namba iliyoandikwa kwenye lebo ya jora, na katibu aviandike vyote kwenye daftari la mali za kwaya.